Jinsi ya kuandika upya ujumbe wa kuaga wa mkurugenzi mkuu: mfupi, wa moyoni, usio na maneno yaliyochakaa

Rasimu ya ujumbe wa kuaga wa mkurugenzi mkuu kwa kawaida hufika mezani kwa ofisa mawasiliano au katibu muhtasi ikiwa na maelezo mafupi tu: "Naomba uinyooshe kidogo, halafu uitume kesho." Ukiinyoosha kidogo, utabadilisha maneno yaliyochoka kwa maneno mengine yaliyochoka. Rasimu hizi huwa baridi kwa sababu ya kile kisichomo, yaani tukio hata moja ambalo mwandishi aliliona kwa macho yake. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuandika upya ni kwenda kulitafuta tukio hilo. Sentensi zenyewe huja haraka ukishalipata.

Nitautumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kampuni ya kusambaza dawa yenye maghala, madereva, ofisi ya makao makuu na matawi kadhaa. Mkurugenzi mkuu ni mwanamke aliyeiongoza kwa miaka 9, na anaondoka mkataba wake ukiisha. Hakuna ugomvi wala kashfa. Rasimu aliyoleta ni hii, nikiwa nimeipunguza, maana rasimu za namna hii hufika kurasa mbili bila shida:

> Wapendwa wafanyakazi wenzangu,
>
> Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii kuwasalimu nyote. Ni kwa moyo mzito uliochanganyika na furaha ninawaandikia kuwajulisha kwamba, baada ya safari ndefu ya miaka 9 iliyojaa milima na mabonde, wakati umefika wa mimi kufungua ukurasa mpya wa maisha yangu.
>
> Kwa pamoja tumepiga hatua kubwa katika nyanja mbalimbali, na leo kampuni yetu ni mfano wa kuigwa. Mafanikio haya yasingewezekana bila bidii yenu na ushirikiano mkubwa mlionipa. Ninyi si wafanyakazi tu, ninyi ni familia.
>
> Kwa namna ya pekee nawashukuru wajumbe wa bodi, menejimenti, wakuu wa idara na wafanyakazi wote kwa ujumla wenu bila kumsahau yeyote. Kama kuna mahali nilimkosea mtu kwa namna moja au nyingine, naomba radhi.
>
> Nawaacha katika mikono salama. Milango yangu iko wazi daima. Hii si kwaheri, bali ni kuonana tena.

## Kabla ya kugusa neno lolote

Jua kwanza anaondoka kwa sababu gani na ni nini kimeshatangazwa. Uliza bodi imeshatoa taarifa rasmi au bado, na nani atakaimu nafasi. Uliza pia kama makubaliano ya kuondoka yana kifungu kinachopanga maneno ya kutumia. Makubaliano mengi ya aina hii yana sharti la pande zote mbili kutosemana vibaya. Wakati mwingine sentensi ya sababu ya kuondoka huwa imeshakubaliwa neno kwa neno, na hapo huna ruhusa ya kuipamba. Kama hisa za kampuni zinauzwa sokoni, taarifa ya mabadiliko ya mkurugenzi mkuu kwa kawaida hupelekwa kwanza soko la hisa kwa utaratibu wake. Ujumbe wa kuaga ukitangulia taarifa hiyo, tatizo linakuwa la kisheria.

Tangazo na kuaga ni maandishi mawili tofauti. Tangazo hutolewa na bodi, huwa kavu, na hueleza nani anaondoka, lini, na nani anaingia. Ujumbe wa kuaga ni wa mtu mwenyewe kwenda kwa watu aliofanya nao kazi. Rasimu nyingi hujaribu kuwa vyote viwili, ndiyo maana zinarefuka. Kama bodi bado haijatangaza, isukume itangaze kwanza.

## Pitia rasimu na kalamu moja

Soma kila sentensi na ujiulize: mkurugenzi wa kampuni nyingine kabisa, ya saruji au ya bima, angeweza kuisema bila kubadilisha hata neno? Kama angeweza, ipigie mstari. Katika rasimu yetu karibu kila sentensi inapata mstari. Kinachosalia ni "miaka 9".

Kisha tafuta mambo ambayo mfanyakazi angetaka kuyajua na hayamo. Siku yake ya mwisho ni ipi? Nani anashika usukani Jumatatu inayofuata? Kwa nini anaondoka? Rasimu hii haijibu hata swali moja kati ya hayo matatu. Mtu akimaliza kuisoma, atamgeukia jirani yake na kumuuliza, na jirani atakisia. Uvumi kwenye korido huanza hivyo.

Baadhi ya sentensi zilizopigiwa mstari hazina madhara, zinajaza nafasi tu. Nyingine zina madhara, na ni vizuri uweze kumweleza mkurugenzi kwa nini unazitoa, kwa sababu atazitetea.

"Ninyi ni familia" ndiyo ya hatari zaidi. Kama ndani ya miaka hiyo kulikuwa na wimbi la kupunguza watu, waliobaki wanakumbuka wenzao waliopewa barua. Familia haitoi barua za aina hiyo, na wasomaji watalisema hilo hata kama si kwa sauti. "Nawaacha katika mikono salama" ni ahadi juu ya mtu ambaye pengine bodi haijamteua bado. Hata kama ameteuliwa, mkurugenzi anayeondoka hana tena mamlaka ya kumdhamini. "Milango yangu iko wazi" si kweli, kwa kuwa mlango wa ofisi ile utakuwa wa mtu mwingine wiki ijayo. Kama kweli anataka watu wamfikie, aweke mahali na saa.

Kuomba radhi kwa jumla kunahitaji upole zaidi, maana wengi huandika hivyo kwa nia njema na ni desturi ya kuagana ambayo naiheshimu. Shida ni kwamba radhi iliyotumwa kwa watu 400 haimgusi hata mmoja aliyekosewa. Aliyekosewa anajua kosa lenyewe, na akiliona limefichwa ndani ya "namna moja au nyingine" huumia mara ya pili. Mshauri mkurugenzi amwone mtu huyo ana kwa ana kabla ujumbe haujatoka, au ataje uamuzi mmoja mahususi ambao sasa anaona ulikuwa wa makosa. Kama hayuko tayari kufanya lolote kati ya hayo, sentensi hiyo itolewe.

## Mazungumzo ya dakika ishirini

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Omba dakika ishirini. Ana kwa ana ni bora, simu inafaa, ila barua pepe haifai kabisa. Ukimwomba akuandikie kumbukumbu zake, atakuandikia rasimu ya pili inayofanana na ya kwanza, maana akishika kalamu anageuka kuwa mkurugenzi. Akiongea anabaki mtu. Andika maneno yake kama anavyoyatamka, pamoja na yale anayoyasema akicheka.

Usimuulize "mafanikio yako makubwa ni yapi?" Swali hilo huleta takwimu na neno "tumepiga hatua". Muulize maswali yenye mtu ndani yake. Haya ndiyo ninayoyategemea:

- Kuna siku gani ya kazi inayokujia yenyewe bila kuitafuta?
- Ni jambo gani ulitaka kulifanya, mfanyakazi akakuzuia, ukaja kuona alikuwa sahihi?
- Unaacha nini ambacho hakijaisha?
- Ungemwambia nini dada yako akikuuliza kwa nini unaondoka?

Jibu la kwanza huwa la juu juu, kwa hiyo usiondoke nalo. Mkurugenzi wetu alipoulizwa swali la kwanza alijibu, "Nakumbuka jinsi watu wa ghala walivyojituma." Hiyo bado ni rasimu. Muulizaji alipaswa kuendelea taratibu, na mazungumzo yakaenda hivi:

"Walijituma lini, Mama?"

"Ule usiku jenereta ya chumba cha baridi ilipozima."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nikapigiwa simu, nikafika saa nne usiku. Nilijua naenda kutoa maagizo."

"Ukatoa?"

"Hata! Mtunza ghala alikuwa na boksi la chanjo mkononi, akanikabidhi. Akaniambia, 'Mama, hili ni la gari la pili.' Basi nikabeba."

Hapo ndipo ujumbe ulipopatikana. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Umeme na jenereta vikikosekana pamoja, njia iliyobaki ni kuyahamisha maboksi kwenye magari yenye majokofu kabla joto halijapanda. Kila mtu wa ghala lile anajua usiku huo ulikuwaje. Sentensi ya boksi itawaambia kwamba bosi wao aliwaona, na haitahitaji neno "kujituma".

Swali la pili lilileta jambo jingine. Alitaka kulifunga dawati la simu la wateja ili maagizo yote yapitie kwenye mfumo. Mmoja wa wapokeaji simu alipanda hadi ofisini kwake akamweleza kwamba wenye maduka madogo ya dawa hupiga simu huku wakimhudumia mgonjwa, na hawana nafasi ya kukaa kwenye kompyuta. Dawati likabaki. Swali la tatu lilileta mfumo wa kufuatilia mizigo ambao haujafika matawini. La nne lilijibiwa kwa sentensi ambayo haihitaji kuguswa: "Miaka 9 inamtosha mtu mmoja kwenye kiti kile."

## Hakiki ulichopewa

Kumbukumbu ya mkubwa na ya mdogo kuhusu usiku uleule mara nyingi hazilingani. Kabla ya kuandika, mtafute mtu mwingine aliyekuwepo na umwombe akusimulie bila wewe kumtangulizia. Kama anasema magari yalikuwa matatu, au bosi alifika alfajiri, rekebisha au acha maelezo hayo. Mkurugenzi akijisimulia kwa namna ambayo watu wa ghala wanajua si kweli, tukio lilelile lililopaswa kuleta joto litaleta kejeli.

Katika mfano huu kuna uhakiki wa ziada. Tukio linahusu ubora wa chanjo, kwa hiyo muulize msimamizi wa ubora kama lilirekodiwa na lilihitimishwaje. Usiandike "hakuna boksi lililoharibika" kwa kutegemea kumbukumbu ya mtu. Kama rekodi hazisemi hivyo, eleza kubeba maboksi na uishie hapo. Mwisho, muulize mtunza ghala mwenyewe kama anaridhia kutajwa. Wengi hufurahi, ila wapo wasiopenda, na hao hutajwa kwa kazi yao tu.

## Kuandika

Lenga maneno 130 hadi 180 ya Kiswahili. Ukisoma kwa sauti ya kawaida ni dakika moja na kidogo. Kwenye simu, ambako wengi wataufungulia, utamalizika kwa kupandisha ukurasa mara mbili au tatu.

Anza na habari yenyewe: siku ya mwisho, sababu, anayeshika nafasi. Msomaji akishapata jibu la wasiwasi wake ndipo anaweza kusikiliza jingine. Ukianza na hisia, atazirukaruka akitafuta tarehe. Baada ya hapo weka tukio moja, la pili likiwa fupi zaidi kama lipo, kisha jambo lisilokwisha, kisha namna ya kuagana. Ujumbe wetu ukawa hivi:

> Habari za asubuhi,
>
> Siku yangu ya mwisho kazini ni Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu. Mkataba wangu unaisha na sikuomba uongezwe. Miaka 9 inamtosha mtu mmoja kwenye kiti hiki. Kuanzia Jumatatu inayofuata, mkurugenzi wa fedha atakaimu nafasi yangu hadi bodi itakapomteua mkurugenzi mkuu mpya.
>
> Usiku ule jenereta ya chumba cha baridi ilipozima, nilifika ghalani saa nne nikidhani nakuja kutoa maagizo. Mtunza ghala akanikabidhi boksi la chanjo akasema, "Mama, hili ni la gari la pili." Tukabeba mpaka alfajiri. Tangu siku ile, kila nilipotaka kuamua jambo la ghala, nilishuka kwanza kuwauliza walioko huko.
>
> Dawati la simu lipo leo kwa sababu mmoja wenu alipanda ofisini kwangu kunipinga. Nilitaka lifungwe. Alikuwa sahihi, na namshukuru kwa kunieleza.
>
> Mfumo wa kufuatilia mizigo nauacha ukiwa haujafika matawini. Najua mnausubiri. Nimeukabidhi kwa maandishi, pamoja na orodha ya matawi yaliyobaki.
>
> Alhamisi na Ijumaa nitakuwa kantini kuanzia saa saba mchana. Njooni tuagane.
>
> Asanteni.

Kwenye mfano nimeweka vyeo. Katika ujumbe halisi weka jina la mtunza ghala, kwa kuwa jina lina uzito ambao cheo hakina. Usiogope kwamba wengine watajiona wameachwa. Watu hununa wanapokuwa nje ya orodha ya shukrani, kwa sababu orodha hudai kuwa kamili. Tukio halidai hivyo. Anayetajwa ndani ya tukio yupo kwa sababu alikuwepo usiku ule, na msomaji hulipokea bila kinyongo. Ndiyo maana aya ya kushukuru bodi, menejimenti na wakuu wa idara imeondoka yote. Bodi ishukuriwe kwa barua yake, na wakuu wa idara waambiwe kwenye kikao chao.

Angalia pia kwamba neno la hisia ni "namshukuru" tu, na limekaa baada ya sababu yake. Hakuna "moyo mzito". Msomaji anayeona mkurugenzi akibeba boksi hadi alfajiri hahitaji kuambiwa ajisikieje. Kama mkurugenzi ni mtu wa dini na angependa kumshukuru Mungu, mwachie sentensi moja fupi kwa maneno anayoyatumia kila siku, mahali atakapopachagua. Imani yake ni sehemu ya sauti yake. Kinachochakaza ni ile aya ndefu ya utangulizi inayonakiliwa kutoka hotuba hadi hotuba.

Kuhusu jambo lisilokwisha, taja lile tu ambalo wafanyakazi wanalijua tayari. Hapa si mahali pa kufichua mradi uliosimama kimyakimya au hesabu ambazo hazijachapishwa. Asiahidi kwamba litamalizika pia, kwa kuwa litakuwa mikononi mwa mwingine. "Nimeukabidhi kwa maandishi" ni jambo alilolifanya mwenyewe na anaweza kulithibitisha.

## Akiwa ameondolewa

Mfano wetu ni wa kuondoka kwa amani. Mkurugenzi akiwa ameondolewa, au matokeo yakiwa mabaya na kila mtu anajua, usijaribu kuijaza sentensi ya sababu kwa joto. Iwe moja, kavu, ileile iliyokubaliwa na bodi. "Nimekubaliana na bodi kwamba nitaondoka mwisho wa mwezi" inatosha. Usiandike kwamba anataka muda zaidi na familia yake isipokuwa ni kweli, maana hakuna anayeiamini tena. Weka joto lote kwenye aya ya pili, kwa watu na siku zao, na ujumbe uwe mfupi zaidi, pengine maneno 80. Kama watu walipunguzwa kazi wakati wake, asijisifu kwa lolote lililopatikana kutokana na kupunguza huko.

Na kama anakwenda kwa mshindani, asitaje anakokwenda, wala asiandike chochote kinachosomeka kama mwaliko wa kumfuata. Mikataba mingi ya viongozi inakataza kuvuta wafanyakazi, na "tutaonana huko mbele" inaweza kusomwa vibaya na mwanasheria.

## Kuupima na kuulinda

Mpe mkurugenzi ausome kwa sauti mbele yako. Anapojikwaa, neno hilo si lake, hivyo muulize yeye angesemaje na uandike hivyo hivyo. Kisha mpe mtu mmoja asiye wa ngazi ya juu, dereva au karani mnayemwamini kutunza siri. Mchukulie karatasi akimaliza kusoma na umuulize anaondoka lini, nani anashika, na anakumbuka nini. Kama anakumbuka boksi, kazi imekwisha. Kama jibu la swali la mwisho ni "ametushukuru", rudi kwenye daftari lako la mazungumzo.

Baada ya hapo ujumbe hupita kwa mwanasheria na ofisi ya rasilimali watu, na hapa ndipo hunenepa tena. Kila mmoja anaongeza sentensi moja ya tahadhari. Badala ya kubishana, uliza: "Ni neno gani hasa linaleta hatari?" Mara nyingi ni neno moja, nalo linaweza kubadilishwa bila kuongeza aya. Kwenye ujumbe wetu mwanasheria angeweza kushuku "sikuomba uongezwe" kama bodi nayo ilikuwa na maoni yake. Ukikata hadi "mkataba wangu unaisha", hakuna kilichopotea.

## Kuutuma

Utumwe kutoka anwani ya mkurugenzi mwenyewe, si ya idara ya mawasiliano. Kichwa cha barua kiwe habari: "Ijumaa tarehe 28 ni siku yangu ya mwisho." Kichwa kama "Ujumbe muhimu kutoka Ofisi ya Mkurugenzi Mkuu" huwafanya watu wadhani kuna kupunguzwa kazi.

Tuma asubuhi, siku nne au tano za kazi kabla ya siku ya mwisho. Ijumaa jioni huwakuta watu wameondoka, na huonekana kama kukimbia. Wasimamizi wa zamu waupate dakika chache kabla, kwa sababu watunza ghala na madereva wengi hawana barua pepe ya kazi. Hao wausikie ukisomwa mwanzoni mwa zamu, kisha ubandikwe ubaoni. Inasikitisha mtu aliyetajwa ndani ya ujumbe kusimuliwa na wengine kwamba ametajwa.

Majibu yataanza kuingia ndani ya saa moja, na mengi yatakuwa na matukio ambayo mkurugenzi mwenyewe alishayasahau. Ongea mapema na watu wa kompyuta wasiifunge anwani yake siku hiyohiyo ya Ijumaa kabla hajayasoma. Na umtengee nusu saa kila siku ya wiki hiyo, ayajibu kwa mkono wake mwenyewe.